Simu ya Mei 1950: zebaki nzito, zebaki nyepesi na siri ya umeme usiochoka

Leo tunawaletea historia ya simu moja. Ilipigwa Marekani mwezi Mei 1950. Aliyepiga ni Bernard Serin, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Rutgers, na aliyepokea ni John Bardeen, ambaye wakati huo alikuwa kwenye maabara za Bell. Habari yenyewe ilikuwa fupi sana: zebaki nyepesi na zebaki nzito hazipotezi ukinzani kwenye baridi ileile. Nyepesi inatangulia kidogo.

Ukisikia hivo haraka haraka unaweza kusema, sasa hiyo nayo ni habari ya kumpigia mtu simu? Lakini Bardeen aliacha alichokuwa anafanya akarudi kwenye swali lililokuwa limewashinda watu kwa miaka 39. Hebu tuone kwa nini.

Tuanze na ukinzani, kwa sababu wote tunaujua hata kama hatuuiti hivo. Ukivuta waya mwembamba mrefu kutoka kwenye sola ya jirani mpaka kwako, taa yako inawaka hafifu kuliko ya kwake. Umeme mwingine umepotea njiani, umegeuka joto ndani ya waya. Ndani ya chuma chochote kuna atomi zilizopangwa kwa mpangilio kama matundu ya kimia cha wavuvi, na kati yake kuna elektroni zinazotembea huru. Kila atomi imeachia elektroni moja au zaidi, kwa hiyo yenyewe imebaki na chaji chanya. Atomi ya namna hiyo inaitwa ioni. Kimia hicho hakitulii, kinatetemeka muda wote kwa sababu ya joto. Elektroni zinagongana na mtetemo huo, na pia na uchafu na kasoro zilizomo ndani ya chuma, zinapoteza mwendo. Huo ndo ukinzani.

Ukipoza chuma, mtetemo unapungua na ukinzani unapungua nao. Hilo watu walilijua zamani. Swali lilikuwa: ukiendelea kupoza mpaka karibu na sifuri kabisa, ambayo ni nyuzi 273 chini ya barafu, itakuwaje? Mtu wa kwanza kufika huko ni Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi. Mwaka 1908 alifanikiwa kugeuza gesi ya heli kuwa kimiminika, ambacho kinachemka kwenye kelvini 4.2. (Kelvini ni nyuzi zilezile za selsiasi, ila zinahesabiwa kuanzia sifuri kabisa. Chumba cha kawaida ni kama kelvini 300.) Aprili 1911 wakapima zebaki. Walichagua zebaki kwa sababu ilikuwa rahisi kuisafisha kwa kuichemsha na kuikusanya tena, basi uchafu usingeharibu jibu. Ilipokaribia kelvini 4.2 ukinzani haukuendelea kushuka taratibu. Ulianguka ghafla, mpaka vipimo vyao havikuona kitu. Vipimo viliendeshwa na kijana Gilles Holst, na mitambo ya baridi ilikuwa mikononi mwa fundi Gerrit Flim. Majina yao yanasahaulika mara nyingi, ndo maana tunayaandika hapa.

Chuma cha namna hiyo kinaitwa supakondakta, na baridi ambapo badiliko linatokea inaitwa halijoto ya kikomo. Baadaye wakakuta risasi inabadilika kwenye kelvini 7.2, stani kwenye 3.7, alumini kwenye 1.2. Na kuna jambo lililowachanganya watu zaidi: shaba, fedha na dhahabu, ambazo ndizo nyaya bora tulizo nazo, hazikubadilika hata kidogo. Risasi, ambayo ni waya mbaya, inakuwa supakondakta, shaba haiwi. Mliweke hilo akilini, tutalirudia.

Miaka ikapita. Mwaka 1933 Walther Meissner na Robert Ochsenfeld huko Berlin wakagundua kwamba supakondakta inafukuza nguvu ya sumaku kutoka ndani yake, kwa hiyo siyo waya mzuri tu uliozidi, ni hali nyingine ya maada, kama vile barafu siyo maji yaliyopoa tu. Mwaka huohuo Fritz London alinyimwa kazi Berlin kwa sababu ni Myahudi, akakimbilia Uingereza. Yeye na mdogo wake Heinz, naye mkimbizi, waliandika wakiwa Oxford, mwaka 1935, milinganyo inayoeleza namna supakondakta inavyofanya na sumaku. Fritz alisema elektroni zote ndani ya supakondakta zinafanya kama kitu kimoja kikubwa cha kwanta. Aliona mbali. Lakini hakuweza kusema ni nini kinachozishikanisha, na alifariki 1954 kabla jibu halijapatikana. Wengine wengi wenye majina makubwa walijaribu wakashindwa: Einstein, Bloch, Heisenberg, na baadaye Feynman.

Tatizo lilikuwa hivi. Elektroni zina chaji hasi, zinasukumana. Na nishati inayohusika kwenye kelvini nne ni ndogo mno, maelfu ya mara ndogo kuliko nguvu nyingine zote zinazofanya kazi ndani ya chuma. Ni kama kutafuta nani kanong'ona katikati ya soko.

Sasa turudi kwenye simu ya Serin. Isotopu ni atomi za elementi moja zenye uzito tofauti. Zebaki nzito na zebaki nyepesi zina elektroni zilezile, chaji ileile, kemia ileile. Tofauti ni nyutroni chache ndani ya kiini. Baada ya vita kuu ya pili, vinu vya nyuklia viliwezesha kupata isotopu zilizotengwa. Emanuel Maxwell, aliyekuwa kwenye ofisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, alipima zebaki yenye uzito wa 198 iliyotengenezwa kwa kupiga dhahabu kwa nyutroni. Ndiyo, mmesoma vizuri: watu walikaa karne nyingi wakitafuta namna ya kugeuza zebaki kuwa dhahabu, na wanasayansi hawa wakafanya kinyume chake, kwa faida. Wakati huohuo kundi la Serin kule Rutgers lilipima sampuli zenye uzito mbalimbali. Makundi mawili hayakuwa yamepanga pamoja, na yalipata jibu moja.

Hebu tupige hesabu wenyewe, haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Zebaki yenye uzito wa wastani 199.5 inakuwa supakondakta kwenye kelvini 4.185. Yenye uzito 203.4 inakuwa kwenye 4.146. Gawanya 203.4 kwa 199.5, unapata 1.0195. Tafuta kipeo cha pili chake, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inakupa hiyo: ni 1.0097. Sasa gawanya 4.185 kwa 1.0097. Unapata karibu 4.145. Kipimo kinasema 4.146. Imekubali.

Kwa nini kipeo cha pili? Hapo ndo utamu wenyewe. Fikiria jiwe linaloning'inia kwenye springi. Ukiweka jiwe zito zaidi, linatetemeka polepole, na kasi ya mtetemo inapungua kulingana na kipeo cha pili cha uzito. Ioni ndani ya chuma ziko hivohivo. Ioni nzito zinatetemeka polepole. Elektroni zenyewe hazijali kiini kina uzito gani. Kwa hiyo kama halijoto ya kikomo inafuata kipeo cha pili cha uzito, mtetemo wa kimia unahusika. Mtetemo uleule unaoleta ukinzani kwenye waya wa kawaida ndio unaoleta hali ya kutokuwa na ukinzani. Ndiyo maana Bardeen hakulala.

Na kuna mtu mwingine ambaye alifika hapohapo bila kupigiwa simu na yeyote. Herbert Fröhlich alizaliwa Ujerumani kwenye familia ya Kiyahudi. Mwaka 1933 alipoteza kazi chuoni Freiburg, akaenda Leningrad kufanya kazi. Mwaka 1935 huko nako kukawaka moto kwa wageni, akakimbia tena, mara ya pili, akafika Bristol. Mwaka 1950 alikuwa mgeni kwenye Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na alitengeneza nadharia kwamba elektroni mbili zinaweza kuvutana kupitia mtetemo wa kimia. Hesabu zake zilitabiri kwamba uzito wa isotopu utabadilisha halijoto ya kikomo, na alizituma kwa wachapishaji kabla hajasikia kwamba kipimo hicho kimeshafanyika. Sisi tunaona ni moja ya utabiri safi kabisa wa fizikia ya vyuma, na haustahili kupita kwa mstari mmoja kama vitabu vingi vinavyofanya.

Je, elektroni mbili zinazochukiana zinavutanaje? Elektroni moja inapopita katikati ya ioni, inazivuta kidogo kuelekea kwake kwa sababu zina chaji chanya. Lakini ioni ni nzito na zinachelewa. Mpaka zimekusanyika, elektroni imeshaondoka zamani. Iko mbele kama nanomita 100, yaani imepita mamia ya atomi. Nyuma yake imeacha sehemu ambayo ioni zimesogeleana, kwa hiyo ina chaji chanya zaidi kuliko kawaida. Elektroni nyingine inayopita baadaye inavutwa na sehemu hiyo. Angalia: elektroni mbili hazijakutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Moja imepita, nyingine imekuja baada yake, na kule kusukumana kwao kumepungua nguvu kwa sababu ya umbali. Kucheleweshwa ndo siri. Kama ioni zingekuwa nyepesi na za haraka kama elektroni, ujanja huu usingefanya kazi.

Mara nyingi watu wanachora elektroni mbili zimeshikana mikono kama bwana na bibi harusi. Picha hiyo inapotosha. Wawili hao wako mbali mbali, na katikati yao wanapita mamilioni ya elektroni nyingine zenye wenza wao. Ni zaidi ya soko siku ya gulio, ambapo wewe na rafiki yako mko ncha mbili tofauti na bado mnajuana mko wapi.

Hapa pia tunapata jibu la shaba na risasi. Waya mzuri ni ule ambao elektroni zake hazigusani sana na mtetemo wa kimia. Lakini kama hazigusani, hakuna wa kuzivutanisha. Risasi ni waya mbaya kwa sababu elektroni zake zinashikwa sana na kimia, na kushikwa huko ndiko kunakoiwezesha kuwa supakondakta. Ubaya wa nyuzi za juu unageuka uzuri kwenye baridi.

Basi kazi ilikuwa imekwisha? Hapana. Fröhlich na Bardeen wote walikwama miaka kadhaa, kwa sababu walihesabu namna mtetemo unavyobadilisha nishati ya elektroni moja moja. Mvutano ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo sana, na mvutano mdogo kwa kawaida hauwezi kushikanisha vitu viwili kwenye nafasi wazi. Vinapitana tu.

Bardeen alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana. Mwaka 1955 alimleta Leon Cooper, kijana ambaye hakuwa amesomea mambo ya vyuma, na alikuwa na mwanafunzi anayeitwa Robert Schrieffer. Inasemwa Bardeen alimpa Schrieffer orodha ya mada kumi za kuchagua, na hii ilikuwa ya kumi, mwisho kabisa. Mwaka 1956 Cooper aligundua jambo ambalo wazee walikuwa wameliruka. Elektroni ndani ya chuma haziko kwenye nafasi wazi. Kwanta ina sheria kwamba kila elektroni lazima iwe na kiti chake, wawili hawakai kimoja. Viti vya nishati ya chini vimeshajaa, kama daladala ya asubuhi, na ni elektroni za juu kabisa tu zenye nafasi ya kusogea. Cooper alihesabu: chukua mbili za juu, zinazoenda pande tofauti kwa mwendo sawa, ziwekee mvutano mdogo kiasi chochote, hata mdogo vipi. Zitashikamana. Ile sakafu iliyojaa chini yake ndiyo inayosaidia, kwa sababu inazinyima pa kutawanyikia.

Lakini jozi moja siyo chuma kizima. Elektroni zote za juu zinataka kufanya hivo, na kila jozi inachukua viti ambavyo jozi nyingine zingevihitaji. Desemba 1956 Bardeen alikwenda Stockholm kupokea Nobeli ya transista, na kabla hajaondoka Schrieffer alikuwa amemwambia anafikiria kubadilisha mada. Bardeen akamwomba avumilie mwezi mmoja zaidi. Mwanzoni mwa 1957, akiwa New York kwa ajili ya mkutano, Schrieffer akiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi alipata namna ya kuandika hali ya jozi zote kwa pamoja, kwa fomula moja. Ndani ya wiki chache wale watatu walikuwa wanahesabu usiku na mchana. Mwaka huohuo nadharia yao ilitoka, na inaitwa BCS kwa herufi za majina yao. Nobeli ilikuja 1972, na Bardeen ni mtu pekee mpaka leo aliyepata Nobeli ya fizikia mara mbili.

Nadharia inasema nini? Chini ya halijoto ya kikomo, jozi zote zinaingia kwenye hali moja na kutembea kwa mwendo mmoja. Kutoka humo kuna ada. Ukitaka kuvunja jozi moja lazima ulipe nishati fulani, na chini ya kiasi hicho hakuna bei ya kati. Huwezi kulipa nusu. Huo ndo unaitwa pengo la nishati. Waya wa kawaida unapoteza umeme kwa sababu elektroni yoyote ya juu inaweza kugongwa kidogo na kusogea kiti cha jirani. Ndani ya supakondakta mgongano mdogo haufui dafu, kwa sababu kiti cha jirani hakipo. Kilicho karibu kipo ng'ambo ya pengo. Na huwezi kuipunguzia mwendo jozi moja peke yake bila kuitoa kwenye kundi. Kwa hiyo umeme ukishaanza kuzunguka kwenye pete ya risasi iliyopozwa, unaendelea bila betri. Mtu makini anaweza kuuliza: mbona hata plastiki ina pengo la nishati na haipitishi kitu? Swali zuri. Pengo la plastiki limefungwa kwenye atomi zake, halisogei. Pengo la supakondakta liko kwenye jozi zenyewe, linatembea nazo.

Nadharia ilitoa namba ya kupimwa, na sisi tunapenda sana nadharia inayojiweka hatarini namna hiyo. Ilisema pengo zima, kwenye baridi kali kabisa, ni mara 3.53 ya nishati ya joto kwenye halijoto ya kikomo. Kwa stani yenye kikomo cha kelvini 3.7: kila kelvini moja ni sawa na milielektronivolti 0.086, kwa hiyo 3.7 ni 0.32, na mara 3.53 inakuwa karibu 1.13. Vipimo vya stani vinatoa uwiano wa karibu 3.5. Alumini inatoa 3.4.

Waliolipima pengo hilo wako kadhaa, lakini aliyefanya lionekane kwa macho ni Ivar Giaever. Alikuwa mhandisi wa mitambo kutoka Norwe, aliyehamia Kanada kisha Marekani kutafuta maisha, akapata kazi kwenye maabara ya kampuni ya Jenero Elektriki mjini Schenectady, akawa anasoma fizikia jioni. Darasani alisikia habari ya pengo la nishati, akajiuliza kama anaweza kulipima kwa voltimita. Mwaka 1960 alifanya hivi: aliweka utepe mwembamba wa alumini juu ya kioo, akauacha hewani mpaka ukapata ganda la oksidi la nanomita chache, kisha akapitisha utepe wa risasi juu yake. Ganda hilo halipitishi umeme, lakini kwa sheria za kwanta elektroni chache zinaweza kulivuka kama waendao kwa miguu wanaopita kwenye panya njia.

Halafu akaviweka kwenye heli. Kwenye kelvini 4.2 alumini bado ni chuma cha kawaida, risasi tayari ni supakondakta. Akaongeza volteji taratibu. Mwanzoni karibu hakuna umeme unaovuka, kwa sababu upande wa risasi hakuna viti karibu. Volteji ilipokaribia milivolti 1.35 umeme ukapanda kwa kasi. Hiyo ndiyo nusu ya pengo la risasi: ni nusu kwa sababu elektroni inayotoka alumini inaanzia katikati ya pengo. Fikiria, swali lililowashinda wakubwa wote wale, na jibu linasomwa kwenye vifaa ambavyo fundi redio angevielewa.

Ila hapa kuna jambo ambalo wasomaji wetu makini watalikamata. Zidisha 1.35 kwa mbili, unapata 2.7. Sasa piga hesabu ya BCS kwa risasi: 7.2 mara 0.086 mara 3.53, unapata karibu 2.2. Haikubali! Uwiano wa risasi ni karibu 4.4, na wa zebaki ni 4.6. Siyo kipimo kibovu. Hesabu rahisi ya BCS inadhani mvutano ni dhaifu na wa papo kwa papo, lakini kwenye risasi na zebaki elektroni zinashikwa sana na kimia, na ule ucheleweshaji wa ioni lazima uhesabiwe kikamilifu. Gerasim Eliashberg wa Umoja wa Kisovieti alifanya hivo mwaka 1960, na namba zikakaa sawa. Inachekesha kidogo kwamba zebaki, iliyoanzisha safari nzima, ni mojawapo ya vyuma visivyotii ile namba rahisi.

Sasa halijoto ya kikomo ina maana gani? Wengi wanafikiri ni kama kiwashio: juu yake hakuna, chini yake ipo yote. Kwa ukinzani ni kweli. Kwa pengo siyo. Joto linapopanda, jozi chache zinavunjika. Elektroni zilizobaki pekee zinakalia viti ambavyo jozi nyingine zilivihitaji, kwa hiyo jozi zilizobaki zinashikana kwa udhaifu zaidi, pengo linapungua, na kuvunja jozi inayofuata kunakuwa rahisi zaidi. Mambo yanaharakishana yenyewe. Kwa stani, kwenye kelvini 1.85, nusu ya kikomo, pengo bado ni zaidi ya asilimia 95 ya ukubwa wake. Kwenye kelvini 3.3 limebaki karibu nusu. Kutoka hapo linaporomoka, na kwenye 3.7 ni sifuri. Halijoto ya kikomo ni pale ambapo pengo limekwisha kabisa, siyo pale linapoanza kupungua.

Hili linaonekana hospitalini. Mashine za MRI zilizoko kwenye hospitali kubwa za miji yetu mara nyingi zina sumaku ya nyaya za niobi na titani, ambazo kikomo chake ni kama kelvini 9 na nusu. Mbona basi zinapozwa kwa heli mpaka 4.2? Kwa sababu karibu na kikomo pengo ni jembamba na jozi ni dhaifu; umeme mkubwa na sumaku kali zinazivunja. Inabidi ukae chini sana ya kikomo upate nafasi. Na kipande kidogo cha waya kikipata joto na kurudi kuwa cha kawaida, kinakuwa na ukinzani, kinachemka, kinaambukiza jirani yake, na ndani ya muda mfupi sumaku nzima inapoteza nguvu na heli inachemka na kutoka kwa kishindo. Mafundi wanaiogopa hali hiyo kuliko kitu kingine, kwa sababu heli ni ghali, na ikijaa chumbani inamnyima mtu hewa.

Kwa nini halijoto hizi ni za chini hivi, wakati mitetemo ya kimia ina nishati ya mamia ya kelvini? Fomula ya BCS inajibu: nishati ya mtetemo inazidishwa na namba inayopungua kwa kasi ya ajabu kadiri mvutano unavyokuwa dhaifu. Kwa alumini, mtetemo ni kama kelvini 430, na mvutano wake unaigawanya kwa karibu 350. Unabaki na 1.2. Kama mvutano huo ungekuwa mara mbili, hesabu rahisi ingetoa zaidi ya kelvini 20.

Kipimo cha isotopu hakijazeeka. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller waligundua oksidi za shaba ambazo zinapita kabisa pale BCS inapofika, na huko kipimo cha isotopu kwenye sampuli bora kinatoa badiliko dogo mno, dalili kwamba gundi yake ni nyingine. Mwaka 2001 Wajapani walitangaza mchanganyiko wa magnesi na boroni wenye kikomo cha kelvini 39. Watu wakauliza mara moja: ni wa familia gani? Wakabadilisha boroni nzito kwa nyepesi, na kikomo kikapanda kwa karibu kelvini moja. Mtetemo wa kimia, basi. Na mwaka 2015 kundi la Mikhail Eremets huko Mainz, Ujerumani, lilibana hidrojeni na salfa kati ya almasi mbili kwa shinikizo la zaidi ya mara milioni moja ya hewa tunayovuta, wakapata kelvini 203, yaani nyuzi 70 chini ya barafu. Hidrojeni ndiyo atomi nyepesi kuliko zote, kwa hiyo inatetemeka kwa kasi kuliko zote. Walipoweka hidrojeni nzito badala yake, halijoto ya kikomo ilishuka, kama zebaki ya Serin.